Tani Moja ya Hewa kwa Sekunde

Tarehe 13 Juni 2013, ndani ya uwanja wa soka wenye paa katika mji wa Vaughan, jirani na Toronto nchini Kanada, Todd Reichert alikaa juu ya baiskeli isiyokuwa na magurudumu ya kukanyaga ardhi. Baiskeli hiyo ilikuwa imening'inizwa kwa nyuzi katikati ya fremu nyembamba, na katika kila pembe ya fremu kulikuwa na panga mbili ndefu za kuzunguka, kama feni ya darini iliyokuzwa kupita kiasi. Chombo kizima kilikuwa na upana wa karibu mita 47. Jina lake Atlas. Hakikuwa na injini wala betri ya kuzungusha panga zake. Kilikuwa na miguu miwili ya Reichert.

Alianza kukanyaga pedali. Panga zikageuka taratibu, mzunguko mmoja kwa takriban sekunde sita, kwa mwendo ambao mtoto angeweza kuuhesabu kwa vidole. Kisha chombo kikainuka. Kilifika mita 3.3 kutoka sakafuni na kukaa hewani kwa sekunde 64.1.

Mtu aliyewahi kusimama karibu na helikopta inayopaa atauliza swali la haki kabisa. Robinson R44, helikopta ndogo ya watu wanne inayotumika sana duniani kwa mafunzo na kwa safari fupi, inahitaji injini yenye zaidi ya nguvu za farasi 200 ili ipae. Miguu ya mwanadamu aliyefanya mazoezi makali hutoa nguvu ya farasi mmoja hivi, tena kwa muda mfupi. Atlas pamoja na mpandaji wake ilikuwa na uzito wa takriban kilo 128. R44 iliyojazwa kikamilifu ina kilo 1,134, yaani mara tisa tu. Iweje uzito uwe mara tisa, halafu nguvu iwe mara mia mbili?

Jibu limo katika hesabu iliyoanza kwenye meli. Mwaka 1865, William John Macquorn Rankine, mhandisi Mskoti aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alikuwa akichunguza jinsi rafadha ya meli inavyosukuma maji. Mwaka 1889, Mwingereza Robert Edmund Froude, ambaye kazi yake ilikuwa kupima mifano midogo ya meli ndani ya birika refu la maji, aliiendeleza hesabu hiyo. Helikopta hazikuwapo. Lakini kwa hesabu hii maji na hewa ni ndugu: vyote viwili ni kitu kinachotiririka, na chochote kinachosukumwa upande mmoja hurudisha msukumo upande wa pili.

Ujasiri wa njia yao ulikuwa katika kile walichokiacha nje. Hawakuuliza rafadha ina panga ngapi, zina umbo gani, wala zinazunguka kwa kasi gani. Walizichukua panga zote na kuzigeuza, katika mawazo, kuwa duara moja jembamba lenye ukubwa uleule wa eneo linalofagiwa na panga. Duara hilo lina kazi moja: hewa inapopita ndani yake, linaisukuma. Hapo ndipo hesabu inapokuwa fupi kiasi cha kutosha nyuma ya bahasha.

Sasa tuchore picha yenyewe. Helikopta imetulia hewani, haipandi, haishuki, haiendi mbele. Juu kabisa ya duara la rota hewa imetulia. Kadiri inavyokaribia rota inaanza kuvutwa kwenda chini, inapita katikati ya duara, kisha inaendelea kushuka ikizidi kushika kasi. Hewa yote itakayopita ndani ya duara inaweza kuzungushiwa ukuta wa kufikirika, na ukuta huo ukawa kama bomba: pana sana juu, la wastani kwenye rota, na jembamba chini. Wataalamu huliita bomba la mkondo. Halina ukuta wa chuma wala wa plastiki, ila hakuna hewa inayovuka ubavu wake. Kinachoingia juu ndicho kinachotoka chini.

Bomba linabanwa kwa sababu ileile inayofanya uzi wa asali unaodondoka kutoka kijikoni uwe mwembamba unaposhuka. Asali inayopita kila sekunde ni ileile juu na chini. Ikishika kasi, haina budi kuwa nyembamba. Hewa nayo hufuata kanuni hiyo.

Ndani ya bomba hili kuna mambo mawili tu ya kuangalia. La kwanza ni kani inayoinua, yaani msukumo wa rota, unaopimwa kwa nyutoni. Hewa ilikuwa imetulia juu. Chini inaondoka na kasi fulani. Chukua kilo za hewa zinazopita kila sekunde, zidisha kwa kasi iliyopata mwishoni, na jibu ndilo msukumo. Hakuna kingine kinachoishikilia helikopta hewani. La pili ni nguvu, kwa maana ya nishati inayotumika kila sekunde, ambayo hupimwa kwa wati. Nguvu ambayo rota inaitoa ni msukumo wake mara kasi ya hewa inapolipita duara. Na nguvu hiyo haipotei. Inaonekana chini, katika hewa inayokwenda kwa kasi.

Ukizilinganisha hesabu hizi mbili, unapata jambo ambalo wanafunzi wengi hulisoma mara mbili kabla ya kuliamini. Kasi ya hewa chini ya bomba ni maradufu kamili ya kasi yake inapopita kwenye rota. Nusu ya kasi hupatikana kabla hewa haijafika kwenye panga, kwa kuvutwa, na nusu ya pili baada ya kuzipita, kwa kusukumwa. Kwa kuwa kasi imekuwa maradufu, bomba chini lina nusu ya eneo la duara la rota, na kipenyo chake ni asilimia 71 hivi ya kipenyo cha rota. Hilo halikutoka kwenye umbo la panga. Limetoka kwenye kulinganisha msukumo na nishati, basi.

Kwa maandishi ya kihesabu, T ikiwa msukumo, P nguvu, A eneo la duara, v kasi ya hewa kwenye rota na ρ uzito wa hewa katika kila mita ya ujazo, yote haya yanaingia katika mistari miwili:

T = 2ρAv²
P = Tv

Usawa wa bahari, ρ ni kilo 1.225. Watu wengi hudhani hewa haina uzito wa maana, na ndiyo maana hesabu inayofuata huwashangaza.

Tuanze na R44. Rota yake kuu ina kipenyo cha mita 10.06, kwa hiyo inafagia eneo la mita za mraba 79.5, ukubwa wa nyumba ndogo ya vyumba vitatu. Uzito wa kilo 1,134 unahitaji msukumo wa nyutoni 11,125. Ukiingiza tarakimu hizi katika mstari wa kwanza, v inatoka mita 7.6 kwa sekunde. Hewa inayopita kwenye duara kila sekunde ni karibu kilo 736. Chini ya bomba hewa hiyo inakwenda mita 15 kwa sekunde, sawa na kilomita 54 kwa saa. Huo ndio upepo unaopeperusha kofia na kurusha mchanga, na hesabu imeufikia bila kuuliza panga zina umbo gani.

Nguvu inayohitajika, kwa mstari wa pili, ni kilowati 84, yaani nguvu za farasi 113.

Sasa Atlas. Kila rota ilikuwa na kipenyo cha mita 20.2, na zilikuwa nne. Jumla ya eneo lililofagiwa ni karibu mita za mraba 1,280, mara 16 ya eneo la R44. Uzito wa kilo 128 unadai nyutoni 1,256. Kasi ya hewa kwenye rota inatoka sentimita 63 kwa sekunde. Chini ya bomba ni mita 1.26 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea kwenda sokoni bila haraka. Lakini hewa inayosukumwa kila sekunde ni kilo 993. Tani moja, kasoro kilo saba.

Hapa ndipo siri yote ilipo. Chombo kinachoendeshwa na miguu ya mtu mmoja kinasukuma hewa nyingi zaidi kila sekunde kuliko helikopta ya injini, ila kinaisukuma polepole. Na upole huo ndio unaookoa nishati. Msukumo unategemea kilo mara kasi. Ukitaka msukumo uleule unaweza kuchukua kilo nyingi kwa kasi ndogo au kilo chache kwa kasi kubwa. Nishati ya mwendo, kwa upande wake, inategemea kasi mara kasi. Anayechagua kilo chache kwa kasi kubwa hupata msukumo uleule, lakini hulipa zaidi, na malipo hayo yote yanaondoka na upepo.

Mfano mmoja unatosha kuthibitisha. Tuseme Reichert, na kilo zake zote 128, angepewa duara moja lenye ukubwa wa rota ya R44. Uzito haujabadilika, eneo tu limepungua mara 16. Kwa kuwa nguvu hupungua kwa kipeuo cha pili cha eneo, yaani eneo likiongezwa mara nne nguvu inapungua nusu, basi eneo likipunguzwa mara 16 nguvu inaongezeka mara nne. Jibu ni wati 3,200 hivi. Hakuna mwendesha baiskeli anayeweza kuzitoa kwa dakika nzima. Ukubwa ule wa ajabu wa Atlas, hadi ikabidi itafutiwe uwanja wa mpira wenye paa, haukuwa pambo wala majivuno ya wahandisi. Ulikuwa ni sharti la hesabu.

Ndiyo maana pia kila gramu ya fremu ilipiganiwa. Atlas yenyewe, bila mpandaji, ilikuwa na kilo 55 hivi, uzito wa mfuko wa saruji na kidogo juu yake, ingawa ilikuwa pana kuliko jengo la ghorofa lililolazwa. Mabomba yake yalikuwa ya nyuzi za kaboni. Nguvu ya pedali ilifika kwenye rota kwa nyuzi nyembamba zilizozungushwa kwenye ekseli za rota na kuvutwa taratibu na baiskeli, kama kamba ya pia. Uzi ukiisha, safari imeisha.

Uzito una adhabu yake ya pekee katika hesabu hii. Duara likibaki lilelile na uzito ukaongezeka maradufu, nguvu haiongezeki maradufu bali mara 2.8, kwa kuwa msukumo umeongezeka na kasi ya hewa nayo imepanda. Rubani wa helikopta huliona jambo hili kila anapopokea abiria mmoja zaidi.

Huliona waziwazi zaidi milimani. Helikopta za uokoaji hupanda kwenye kambi za Mlima Kilimanjaro kuwachukua wapandaji waliozidiwa na ugonjwa wa mwinuko. Kambi ya Barafu iko mita 4,670 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa ya kawaida ina asilimia 62 tu ya uzito ilionao pwani. Rota ile ile, uzito uleule, lakini kila mita ya ujazo ina kilo chache. Hewa nyepesi inabidi isukumwe kwa kasi kubwa zaidi ili itoe msukumo uleule, na nguvu inayohitajika hupanda kwa asilimia 27. Wakati huohuo injini, ambayo nayo hupumua hewa hiyohiyo, huwa imepungukiwa na pumzi.

Rubani hawezi kuongeza eneo la rota akiwa angani, wala hawezi kuinenepesha hewa. Kilichobaki mkononi mwake ni uzito. Tuseme helikopta yake ina kilo 2,000 na nguvu iliyonayo haiongezeki hata wati moja juu ya ile iliyoitosha pwani. Hesabu ya bomba la mkondo inamwambia kwamba kambini ataweza kutulia hewani akiwa na kilo 1,708 tu. Kilo 292 lazima zibaki chini: mafuta, mizigo, au watu. Na kwa kuwa injini yenyewe imedhoofika, helikopta ambayo injini yake haikuwa na akiba kubwa italazimika kuacha zaidi ya hapo.

Yote hayo ni hesabu ya rota kamilifu, na rota kamilifu haipo. Hesabu ya Rankine na Froude inatoa sakafu: hakuna rota itakayotulia katika hewa huru kwa nguvu ndogo kuliko hiyo. Rota halisi hulipa zaidi. Panga hukwaruzana na hewa zinapoikata. Hewa haishuki moja kwa moja bali inapewa mzunguko kidogo, na mzunguko hauinui kitu. Kwenye ncha za panga hewa huponyoka kutoka chini kwenda juu. Katikati, karibu na ekseli, panga zinakwenda polepole mno kufanya kazi ya maana. Kwa sababu hizo rota nzuri ya helikopta hupata asilimia 70 hadi 80 ya ukamilifu ule. Kwa R44, kilowati 84 za kwenye karatasi hugeuka kuwa karibu 115, bado hujaweka rota ndogo ya mkiani inayozuia helikopta isizunguke kama pia, wala hasara za mikanda na gia. Ukijumlisha akiba ya kupaa, unaelewa kwa nini mtengenezaji ameweka injini ya zaidi ya nguvu za farasi 200 pale ambapo karatasi ilisema 113.

Basi na tuirudie Atlas, tuone kama hesabu inakubali. Nyutoni 1,256 mara sentimita 63 kwa sekunde ni wati 794. Hiyo ndiyo sakafu. Ukiweka na hasara za rota halisi, unafika zaidi ya wati 1,000, na Reichert angepaswa kuzitoa kwa dakika nzima.

Hakuzitoa. Katika sekunde za mwanzo, alipokuwa akipanda, miguu yake ilifika wati 1,100. Kufikia mwisho wa safari ilikuwa inatoa karibu wati 600, na chombo kilikuwa bado hewani. Wati 600 ni chini ya 794. Rota halisi, yenye mikwaruzo na hasara zake zote, ilikuwa ikitumia nguvu pungufu kuliko rota kamilifu.

Msomaji makini hapa ana haki ya kusimama. Ama vipimo vimekosea, au hesabu imevunjika. Ukweli ni kwamba hesabu haikuvunjika. Ilitumika mahali ambapo masharti yake hayakutimia. Bomba la mkondo linadai nafasi. Hewa ikishaipita rota lazima iwe huru kuendelea kushuka, ikibanwa na kushika kasi mpaka ifike ile kasi maradufu. Chini ya Atlas hapakuwa na nafasi hiyo. Kulikuwa na sakafu ya uwanja, mita chache chini ya rota zenye upana wa mita 20. Hewa ilishuka kidogo tu, ikakutana na sakafu, ikatawanyika pembeni.

Sakafu inapoizuia hewa isishuke, shinikizo chini ya rota hupanda, na shinikizo hilo hubeba sehemu ya uzito. Rota inapata msukumo uleule huku hewa ikiipita kwa kasi ndogo kuliko ile ya mstari wa kwanza. Na kwa kuwa nguvu ni msukumo mara kasi hiyo, nguvu inapungua. Marubani huiita athari ya ardhi. Ni kubwa sana rota inapokuwa karibu na ardhi kuliko nusu ya kipenyo chake, hupungua kwa haraka unapopanda, na kwa kawaida hutoweka rota ikifika umbali wa kipenyo kimoja hivi kutoka ardhini. Helikopta ya kawaida huonja athari hii inapoondoka na inapotua. Atlas, kwa ukubwa wa rota zake, haikutoka ndani yake hata mara moja.

Kwa rubani wa milimani jambo hili ni la uhai na kifo. Vitabu vya helikopta vina michoro miwili tofauti ya uwezo wa kutulia hewani, mmoja wa karibu na ardhi na mwingine wa mbali nayo, na tarakimu zake hazifanani. Helikopta iliyoinuka vizuri mita moja juu ya uwanja tambarare wa kambi inaweza kumdanganya rubani kwamba ina nguvu ya kutosha. Akisogea pembeni juu ya korongo, sakafu inaondoka ghafla, bomba la mkondo linapata uhuru wake, na nguvu inayodaiwa inapanda bila yeye kugusa chochote. Dalili ipo kwenye kioo chake: geji ya nguvu ikisoma karibu na kikomo helikopta ikiwa bado karibu na ardhi, hana akiba ya kumtoa pale. Rubani mwangalifu huisoma geji hiyo kwanza, na ikibidi hutua tena na kupunguza mzigo.

Masharti ya bomba la mkondo yana mpaka wa pili, nao ulimgusa Reichert moja kwa moja. Hesabu inadai hewa yote iwe inapita upande mmoja, juu kwenda chini. Chombo kikianza kushuka kwa haraka, kinaingia ndani ya hewa kilichoisukuma chenyewe. Kasi ya kushuka ikikaribia kasi ya hewa kwenye rota, bomba halipo tena: hewa iliyotoka chini inazunguka ukingo wa rota, inapanda, inarudi kuingia juu, na rota inakuwa inakoroga hewa ileile kama mwiko ndani ya sufuria. Msukumo unayumba, chombo kinaanza kuanguka, na kuongeza nguvu hakusaidii kama mtu anavyotegemea, kwa sababu nguvu hiyo nayo inaingia kwenye mkorogo.

Kwa R44, kasi ya kuangalia ni ile mita 7.6 kwa sekunde, na hatari huanza kabla ya kuifikia. Marubani wanaoanza hufundishwa kushuka polepole sana wanapokuwa hawaendi mbele. Kwa Atlas kasi ya kuangalia ilikuwa sentimita 63 kwa sekunde. Chombo kinachookoa nishati kwa kusukuma hewa polepole kina deni hilo: hakiwezi kushuka kwa haraka. Reichert alikuwa amepanda mita 3.3, na kila sentimita ya kurudi ilibidi airudie kwa subira, huku mapaja yakiwaka.

Hilo ndilo lililoamua mpango wa safari. Kupanda kulidai nishati ya ziada: kuinua nyutoni 1,256 kwa mita 3.3 ni karibu jouli 4,150. Hata kama kupanda kungechukua sekunde 12, hizo ni wati 345 juu ya zile za kujishikilia hewani. Kukaa juu nako kulikuwa ghali, kwa kuwa athari ya ardhi hupungua kila unapopanda. Kwa hiyo njia ya busara ilikuwa kupanda mapema miguu ikiwa mibichi, kuugusa urefu uliotakiwa, kisha kutumia muda uliosalia wote kushuka kidogo kidogo kuelekea pale ambapo sakafu inasaidia. Ndivyo alivyofanya.

Urefu uliotakiwa ulikuwa mita 3, muda sekunde 60, na chombo hakikuruhusiwa kutoka ndani ya mraba wenye upande wa mita 10. Masharti hayo yaliwekwa mwaka 1980 na chama cha wataalamu wa helikopta cha Marekani, kwa jina la Igor Sikorsky. Wanafunzi wa chuo cha Cal Poly huko California walifika sekunde 7 na sentimita 20 mwaka 1989. Kundi la Chuo Kikuu cha Nihon, Japani, lilifika sekunde 19 mwaka 1994. Chuo Kikuu cha Maryland kilikaribia sana mwaka 2012 kwa chombo chao Gamera II, kilichokuwa nacho na rota nne kubwa. Tarehe 11 Julai 2013 chama hicho kiliwatangaza Reichert, Cameron Robertson na wenzao kuwa washindi, na kuwakabidhi dola 250,000 ambazo tuzo hiyo ilikuwa imefikia baada ya miaka 33 bila mtu wa kuichukua.